Naombeni ushauri: nakabidhi ratiba ya zamu, niandike nini na nini niache?

Karani wa Zamu (mleta mada)
Habari za leo wakuu. Mimi ndiye mpangaji wa ratiba kwenye kitengo kinachofanya kazi saa 24. Nahamishwa, na wiki ijayo namkabidhi mwenzangu. Bosi anataka waraka wa makabidhiano usiozidi kurasa mbili.

Tuko watu 18. Asubuhi wanaingia 5, saa 1 hadi saa 8 mchana. Jioni 4, saa 8 hadi saa 3 usiku. Usiku 3, saa 3 hadi saa 1 asubuhi. Ratiba ni ya wiki 4, kila mtu zamu 20 na ofu 8. Usiku hauzidi nne mfululizo, na kila mtu anaingia usiku nne kwa mzunguko.

Kanuni nimeshaziandika. Kuna mazoea madogo madogo hayajawahi kuandikwa popote. Niyaweke, au nimwache ayaone mwenyewe? Naogopa nikiandika sana bosi ataanza kuuliza maswali.

Mzee wa Ofu
Kuacha kazi ni uamuzi mzito, usikurupuke mkuu. Hakikisha kwanza unakoenda wamekupa barua.

Karani wa Zamu
Siachi kazi mzee wangu, nahama kitengo.

Bi Rosta
Andika yote, ila yatenganishe. Sehemu ya kwanza ni kanuni za kazini ambazo hata bosi hawezi kuzivunja. Ya pili ni maamuzi yako ya upangaji, ambayo mwenzako ana ruhusa ya kuyabadilisha. Ya tatu ni ahadi: nani aliahidiwa nini, na nani, mpaka lini. Waraka mwingi unachanganya hizi tatu, matokeo yake mpangaji mpya anaogopa kugusa kitu kilichokuwa mazoea tu, halafu anavunja ahadi asiyoijua.

Kisha hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini ratiba inakusumbua kila mwezi. Mahitaji yako ni zamu 12 kwa siku, mara 28, ni 336. Watu 18 kwa zamu 20 wanatoa 360. Ziada ni 24. Mtu mmoja akienda likizo mzunguko mzima ziada inabaki 4. Wakienda wawili una pengo la 16. Likizo yenu ni siku ngapi?

Karani wa Zamu
28 za kalenda. Na ndiyo, kila mwisho wa mwaka tunagombana.

Bi Rosta
Lazima mgombane. Mwaka una mizunguko 13. Ukiruhusu mtu mmoja tu kwa mzunguko, wanaopata likizo ni 13, na watano wanabaki wakisukumwa mbele mpaka wote wanaidai kwa pamoja. Mwenzako asipoambiwa hilo ataona watu wakorofi, kumbe ni hesabu. Muandikie wazi: mizunguko mitano kwa mwaka lazima iwe na watu wawili likizoni, ichague mapema ile yenye kazi nyepesi, na omba msaada wa zamu 16 kwa kila mmoja. Hapo sijagusa wagonjwa wala misiba.

Kijana wa Ghala
Sisi ghalani tuna zamu mbili za saa 12, makundi manne: mchana mbili, usiku mbili, ofu nne. Inajizungusha yenyewe, mpangaji hana hata kazi. Kwa nini msifanye hivyo?

Bi Rosta
Kwenu mchana na usiku mnahitaji idadi sawa ya watu. Kwake ni 5, 4 na 3. Akigawa 18 kwa makundi manne, usiku atakuwa na watu wanne au watano wakati kazi ni ya watatu.

Karani wa Zamu
Nashukuru. Hayo mazoea ninayosema ni kwamba kuna watu wawili hawaingii usiku. Ni makubaliano ya mdomo, ya siku nyingi. Ratiba ijayo nimeshaipanga hivyohivyo na karibu naibandika ubaoni. Sioni haja ya kuyaandika, kila mtu anayajua.

Mpenda Haki
Kila mtu anayajua isipokuwa bosi. Huo ni upendeleo, mkuu. Wenzao wanakesha, wao wamelala. Ndiyo maana makazini hakuna baraka.

Koti la Usiku
Jibu ni jepesi. Usiku ni 3 mara 28, yaani 84. Gawa kwa 18: watu 12 wanaingia usiku tano, watu 6 wanaingia nne. Mzunguko unaofuata unageuza majina. Kwisha habari.

Bi Rosta
Hesabu yako inafunga, Koti, ila kasema usiku hauzidi nne mfululizo. Huo wa tano utauweka peke yake, na usiku mmoja wa peke yake ni ghali. Mtu anaingia saa 3 usiku Jumanne, anatoka saa 1 asubuhi Jumatano, Jumatano hiyo hafai kwa zamu yoyote. Umetumia siku mbili kupata zamu moja.

Karani, hao wawili ni nani kikazi? Majina usitaje.

Karani wa Zamu
Mmoja ana sababu za kiafya, aliwahi kuleta cheti. Mwingine… basi tu, aliomba zamani akakubaliwa.

Swali Moja Tu
Huyo mwingine ndiye unayemkabidhi ratiba?

Karani wa Zamu
Ndiyo. Lakini ni mtu makini, na hakuna mwingine anayejua kutumia jedwali letu. Sikumchagua mimi.

Mchongoma
Kwa hiyo fisi kakabidhiwa bucha na funguo za jokofu 😂

Mpenda Haki
Nilisema mimi.

Hesabu Haidanganyi
Subirini kwanza, naona hii ni chai. Mleta mada kasema kila mtu anaingia usiku nne. Watu 18 mara nne ni 72, na zinahitajika 84. Sasa kaongeza kwamba wawili hawaingii kabisa: 16 mara nne ni 64. Usiku 20 anakesha nani, malaika? Mtu aliyepanga ratiba kweli asingekosea namba hiyo. Huyu katunga, anatafuta comenti.

Kijana wa Ghala
Mimi pia nilishaanza kuhisi 😂 Mods futeni uzi.

Bi Rosta
Namba hazifungi kweli. Ila zisizofunga hivi mara nyingi zina mtu nyuma yake. Karani, nani anajaza hizo 20?

Karani wa Zamu
Si chai. Nilisema "kila mtu" kwa kurahisisha. Watu 14 wanaingia nne nne, jumla 56. Zinazobaki 28 wanazichukua wawili, 14 kila mmoja, kwa vipande vya nne, nne, tatu na tatu. Wanapenda wenyewe, kuna posho ya usiku. Na wale wasioingia usiku wanawalipa kwa kuwabebea Jumamosi na Jumapili. Kila upande umeridhika, hakuna aliyelalamika. Ndiyo maana nasema tusiliamshe.

Hesabu Haidanganyi
56 na 28 ni 84. Haya, namba inafunga. Bado nina mashaka kidogo, ila endelea.

Bi Rosta
Sasa ndiyo umeleta mada. Wakiugua au kuhama wale wawili wa usiku, ratiba yako yote inaanguka, na mpokeaji hatajua iliposimamia.

Angalia saa, usiangalie idadi ya zamu. Asubuhi na jioni ni saa 7, usiku ni saa 10. Asiyeingia usiku: 20 mara 7, saa 140. Anayeingia nne: 40 na 112, saa 152. Mpenda usiku: 140 za usiku na 42 za zamu sita nyingine, jumla 182. Kwenye karatasi wote wana zamu 20, lakini kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna saa 42, ambazo ni zamu sita za mchana. Siku mmoja wao akizidai, na ana haki, wawili wanachukua zamu 12 kutoka kwenye ziada yako ya 24. Mtu mmoja akienda likizo mzunguko huohuo, una pengo la 8.

Na vile vipande vinne, baada ya kila kimoja unawapa ofu ngapi?

Karani wa Zamu
Mbili. Ndiyo zinatimia 8.

Bi Rosta
Ya kwanza ni siku anayotoka saa 1 asubuhi. Anailala. Kwa hiyo ofu zao kamili ni 4, si 8. Weka alama tofauti kwenye jedwali, mathalani K kwa kutoka usiku na O kwa ofu, uone mwenyewe.

Koti la Usiku
Hapo nimekubali. Ila kanuni za kazi haziwezi kumlazimisha mtu anayetaka mwenyewe.

Bi Rosta
Kutaka kwake hakuondoi mapumziko. Hilo aulizwe bosi, silijibu mimi.

Karani wa Zamu
Jambo jingine kabla sijaandika. Mara nyingine jedwali linaonyesha usiku una watu 2 wakati nimeweka 3. Nimwambie apuuze?

Hesabu Haidanganyi
Usimwambie apuuze! Kuna seli ina nafasi baada ya herufi. Jedwali linaona "U" na "U " kama vitu viwili. Herufi ndogo haina shida. Weka safu ya kujikagua chini ya kila siku:

```
=COUNTIF(C5:C22,"U")
=COUNTIF(C5:C22,"U ")
```

Ya pili ikitoa zaidi ya sifuri, futa hiyo nafasi. Na kama unaonyesha zamu kwa rangi bila herufi, fomula haihesabu rangi.

Mchongoma
Kumbe jamaa wa chai ndiye fundi 😂

Karani wa Zamu
Nimeandika hivi, niambieni: "Watu wawili hawaingii usiku. Mmoja ana cheti, kipo kwenye faili. Mwingine ni kwa makubaliano ya mdomo. Usiku wao unafidiwa na watu wawili wanaoingia 14 kila mmoja kwa hiari." Jina la mpokeaji sijaliweka, itaonekana kama namchongea.

Bi Rosta
Kata "kwa hiari", andika saa: 182 dhidi ya 140. Kwenye lile la cheti ongeza tarehe kinapoisha. Kwa mpokeaji, mwonyeshe kabla bosi hajaona, na muwekee mstari kwamba maombi yanayomhusu yeye mwenyewe yanaamuliwa na bosi. Hiyo ni kinga yake pia. Na ile ratiba ya mzunguko ujao usiibandike kabla hujakabidhi waraka, maana ikishakuwa ubaoni watu wanapanga safari na huwezi kuigusa tena.

Karani wa Zamu
Nimeshaibandika mchana huu.

Mpenda Haki
😂😂 Mungu wangu.

Bi Rosta
Basi iache ilivyo. Andika kwenye waraka kwamba mzunguko huu umefuata makubaliano ya zamani na unaofuata uamuliwe na bosi kabla ya kupangwa. Mabadiliko yakitokea yaandikwe kwenye faili kwanza, ndipo yaandikwe kwenye karatasi ya ubaoni, na anayebadilishana zamu asitoke jioni saa 3 usiku akaingia asubuhi saa 1. Hapo anabaki na saa 10 tu, usafiri ukiwa ndani yake.

Mzee wa Ofu
Kwa hiyo barua ya uhamisho umepata au bado?