Mada: Pampu ya Tukuyu, kadi ya Houston au ya Manchester?

Sekela, Houston: Ugonile wote. Mimi na kaka tunataka kumnunulia mama pampu ya sola na mipira ya kumwagilia parachichi kule Tukuyu, kama dola 3,000 hivi, kwa kadi. Yangu imeandikwa APR 24%, ya kaka yuko Manchester APR 26%. Mi naona yangu nafuu, kaka anabisha.

Baba Lusajo, Mbeya: Yako, si namba ndogo hiyo. Ila kama wanapiga riba kila siku kimbia, mara 365 hiyo itakumaliza, bora wanaopiga kwa mwezi.

Tuntufye, Toronto: Baba Lusajo, shikamoo. Kuhusu riba juu ya riba uko sahihi, ila kutoka mwezi kwenda siku hakuongezi sana. 24% ikihesabiwa mara moja kwa mwaka ni 24. Kila mwezi ni 2%, deni likikaa mwaka bila kuguswa inafika 26.82%. Kila siku inafika 27.11%. Umeona, mruko mkubwa ni ule wa kwanza.

Sekela, shida yako iko kwenye hizo herufi APR. Marekani hiyo ni riba ya kila siku wakaizidisha tu kwa 365, riba juu ya riba haimo. Uingereza wao APR wanayotangaza imeshaingiza riba kuzaa riba, na ada za lazima pia. Kwahiyo 26 ya kaka ni 26 kweli, ukiirudisha kwa mwezi inakuja kama 1.94%, zidisha kwa 12 unapata 23.3, chini ya 24 yako! Kwa dola 3,000 mwaka mzima kwako riba ni kama 813, kwake 780. Hesabu ya ile 27.11% yako:

```
(1 + 0.24/365)^365 - 1
```

Mama Kevi, Iringa: Kamwene. Sasa mimi nina fiksidi ya 9%, riba wananiwekea kila mwezi, si napata 9.38?

Tuntufye: Inaingia humohumo kwenye fiksidi au akaunti nyingine?

Mama Kevi: Akaunti ya mshahara, natolea ada ya watoto.

Tuntufye: Basi ni 9 tu dada, riba ikishatoka haizai tena kule. Ndo maana hata Sekela akilipa kila mwezi riba yote iliyoingia, ile 27.11 haimfikii, inakuwa karibu na 24 yake.

Baba Lusajo: Na mkopo wa huku wa riba ya flati je?

Tuntufye: Hiyo ni hesabu nyingine kabisa, wanakutoza kwenye deni la mwanzo hata ukishapunguza, usiilinganishe na hizi.

Sekela: Ndaga fijo. Muuza pampu anataka shilingi, kaka anauliza benki yake kama kuna makato ya kubadilisha pesa, yakizidi hiyo tofauti ya dola 33 tunarudi kwenye yangu.