Tiketi inaonyesha inatumika hadi saa sita, mkaguzi anatoza yuro 60!

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira. Mama mkwe wangu, aliyekuja Berlin kututembelea kutoka Tanga, alinunua tiketi ya safari moja ya kanda A na B katika mojawapo ya programu za simu zinazouza tiketi za jiji hili. Alipanda U8 Osloer Straße saa nne na dakika tano asubuhi, akashuka Alexanderplatz kununua dawa, na saa tano na robo alikuwa ndani ya U8 akirudi nyumbani. Mkaguzi alimuuliza anatoka wapi. Mama wa watu, kwa Kiingereza chake cha shule, akasema ukweli kwamba anatoka dukani, na papo hapo akaandikiwa faini ya yuro 60.

Tazameni sasa kilichokuwa kwenye kioo cha simu yake: "Gültig bis 12:05", kwa herufi kubwa. Sharti la kwamba tiketi hiyo hairuhusu "Rück- und Rundfahrten", yaani kurudi ulikotoka wala kuzunguka, limewekwa kwenye ukurasa wa masharti kwa Kijerumani peke yake, ilhali vitufe vya kuchagua na kulipia vimetafsiriwa vizuri kabisa. Pesa wanajua kuziomba kwa lugha ya mgeni!

Baba Salma: Pole sana, ndugu. Nendeni ofisini kwao na tiketi hiyo, watapunguza faini hadi yuro 7. Jirani yangu alipunguziwa.

Mkongwe wa Wedding: Baba Salma, yuro 7 ni kwa mtu mwenye tiketi ya mwezi yenye jina lake, aliyeisahau nyumbani na kuipeleka baadaye. Mama hayumo humo. Dakika 120 ni za kuelekea upande mmoja: unaweza kushuka, kununua dawa, kubadilisha treni kwa basi na kuendelea mbele, lakini ukigeuza njia unahitaji tiketi nyingine. Ile ya bei nafuu iitwayo "Kurzstrecke" isingemfaa pia, kwa kuwa kwenye treni inaishia kituo cha tatu na Alexanderplatz ni cha saba. Kwa mizunguko ya siku nzima, achague "24-Stunden-Karte".

Binti Pangani: Hata mimi nilitozwa nikienda uwanja wa ndege, na tiketi yangu ya AB ilikuwa haijaisha muda!

Mkongwe wa Wedding: Dada, lako ni la kanda. Uwanja uko C, kwa hiyo ulihitaji ABC, au nyongeza ya "Anschlussfahrschein" juu ya AB uliyokuwa nayo.

Mwanzisha uzi: Nashukuru, mzee wangu, lakini hayo yote nimeyapata kwako, si kwenye programu. Je, yupo aliyewahi kuandika barua ya kupinga faini ya aina hii, akajibiwa nini?