Nimerudi na shahada ya Ujerumani, hapa Tanga naambiwa nimefeli!!

Mtoto wa Barabara ya 12:
Wakuu mnisamehe naandika na hasira. Mimi mzaliwa wa hapahapa Ngamiani, nimesoma uhandisi mitambo Ujerumani miaka mitatu na nusu, wastani wangu 1.7 na kule ukipata 1.7 watu wanakupa mkono. Kuna kampuni hapa mjini ikatangaza kazi ya matengenezo ya mashine, nikaomba mtandaoni, kuna kisanduku kimeandikwa GPA nikajaza 1.7 maana ndiyo iliyopo kwenye cheti, sasa ningejaza nini? Dakika tano hazijaisha meseji imeingia, hujakidhi vigezo.

Nikavaa shati nikaenda mwenyewe. Nimekaa kwenye benchi toka saa tatu mpaka saa saba, dada wa ajira akaja akashika karatasi zangu, kidole kikagota palepale kwenye 1.7, ati "kaka yangu, kwa hii hata vyuo vya hapa usingehitimu, mwisho 2.0." Namwambia dada kule wanahesabu kinyume, akacheka! Akafunua akakuta krediti 210, "na hizi mbona hata nusu hazifiki, uhandisi hapa ni 480." Yani Wajerumani hao hao waliotujengea reli ya kwanza hapa Tanga leo shahada yao ni karatasi ya kufungia maandazi?? Mtu kazi yake kuajiri halafu hajui kitu kama hiki!

Shangazi Chumbageni:
Pole mwanangu. Mbona rahisi, chukua 6 toa 1.7 unapata 4.3, jaza hiyo. Mpwa wangu alifanya hivyo na kazi kapata.

Mpita Njia Pongwe:
Mkuu ulitumia wakala gani wa viza? Nami nataka kwenda huko, nipo siriasi.

Mzee wa Mafaili:
Nimekaa miaka mingi kwenye ajira, sasa nastaafu. Kijana, dada kakosea kucheka ila na wewe umempa namba tupu. Mezani ana mafaili mia na kitu na kwa macho yake 1.7 ni mtu aliyedisko. Kwenye sivii usiandike namba bila kumwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Andika hivi, mstari mmoja:

```
Wastani 1.7, daraja "gut" (Ujerumani: 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 ni mwisho wa kufaulu)
```

Akisoma hapo hana haja ya kukuamini wewe, kwa sababu ulipewa na karatasi inaitwa Diploma Supplement. Kipengele 4.4 kinaeleza alama zao zinavyopangwa. Piga kopi ukurasa huo, uchore mstari chini kwa kalamu, ubane juu kabisa siyo nyuma ya faili. Wengi hiyo karatasi wanaiacha kwenye sanduku.

Krediti nazo ni mizani mbili tofauti. Ya kwetu moja ni saa 10 za masomo, ya kwao ni saa 25 mpaka 30. Zako 210 hata kwa saa 25 ni saa 5,250, hizo 480 za hapa ni saa 4,800. Umesoma zaidi ya anayekukataa! Halafu nenda TCU wakupe utambuzi wa shahada yako, bila hiyo barua utabishana kila ofisi.

Shangazi, hesabu yako haijapinda, 1.0 inatoa 5 na 4.0 inatoa 2, ncha zinakutana. Tatizo 4.3 haipo popote kwenye karatasi zake. Siku ya kukagua vyeti wataona 1.7 huku na 4.3 kule, hapo ni mghushi tayari.

Shangazi Chumbageni:
Mpwa wangu hakukaguliwa basi. Alhamdulillahi.

Binti Raskazone:
Mimi India nina asilimia 68, kule kuanzia 60 chuoni kwetu ni daraja la kwanza, hapa bosi akaniambia "una B ya kawaida tu." Sikuandika daraja niliandika asilimia tu, leo ndo naelewa mwaya. Nalia na kucheka.

Mtoto wa Barabara ya 12:
Mzee shikamoo, hiyo Supplement kweli ipo, nimeikuta ndani ya bahasha haijawahi kufunguliwa. Kesho naenda kupiga kopi. Ila kisanduku kile kinapokea namba tu, kuanzia 2.0 mpaka 5.0, maneno hakikubali. Nikiweka 1.7 kinanitupa, nikiweka 4.3 mghushi. Naweka nini?

Mzee wa Mafaili:
Marahaba. Ningekuwa mimi ningewaandikia barua pepe kabla ya kujaza, niwaulize waniambie wao niweke nini, na jibu lao nilihifadhi. Wakikaa kimya, hapo sijui nikushauri nini.

Mpita Njia Pongwe:
Wakala jamani??