Naomba mnisaidie kuchagua: tiketi ya Dar–London, picha mbili

MamaNuru: Habari zenu wakuu. Binti yangu anaenda chuo London mwezi wa kwanza, ana mabegi mawili ya kilo 23. Wakala kanitumia skrinshoti mbili.

A: anatoka Dar 17:30, anasubiri Doha saa 2 na dakika 50, anafika London 06:40 +1, yaani kesho yake. Dola 890.

B: anatoka Dar 03:55, anafika Istanbul 11:25, anaondoka tena 15:30, anafika London 16:40. Dola 610.

Mimi naona B ni fupi na rahisi. Kuna shida?

Kijana_Temeke: Chukua B, mama. Mabegi yanasajiliwa Dar, anayakuta London.

Fundi_Tiketi: Hayo ni ya tiketi moja, Kijana. Mama, ikuze picha B: Istanbul anafikia uwanja gani, anaondokea upi? Na mizigo imeandikwaje?

MamaNuru: Anafika IST, anaondoka SAW. Mizigo: ndege ya kwanza 1PC, ya pili 0PC. Picha A ni 2PC hadi mwisho.

Fundi_Tiketi: PC ni idadi ya mabegi yaliyomo kwenye bei. Basi B ni tiketi mbili zilizobandikwa pamoja. IST iko upande wa Ulaya, SAW upande wa Asia. Atapita uhamiaji, atachukua mabegi, atavuka jiji na kusajili upya, yote ndani ya saa 4 na dakika 5. Akichelewa, shirika la ndege ya pili halihusiki.

Saa zilizoandikwa ni za kila mji. Januari London iko nyuma yetu saa 3, kwa hiyo ongeza 3: A ni saa 16 na dakika 10, B ni saa 15 na dakika 45. Anaokoa dakika 25 tu. Muulize wakala begi la ziada ni bei gani.

Shangazi_Muscat: Mimi nilipitia Doha, baridi ya humo ndani usiombe! Abebe sweta.

MamaNuru: Wakala anasema begi la pili kwenye ndege ya kwanza ni dola 110. Ndege ya pili, kila begi 70.

Fundi_Tiketi: 610 + 110 + 140 = 860. Tofauti na A ni dola 30, na bado hujalipa teksi wala visa ya Uturuki. Halafu hiyo 03:55 ni alfajiri: kama tiketi inasema Jumamosi, mnatoka nyumbani Ijumaa usiku.

MamaNuru: Shukrani. Ila nimemwambia wakala afungue A tena, sasa ni 935. Picha ilikuwa ya juzi.

Kijana_Temeke: Si apunguze begi moja? B inakuwa 680.

Fundi_Tiketi: Hapo kweli kuna hela. Lakini B nayo ifunguliwe upya, bei ya juzi si ya leo. Na visa kwanza, ndipo mlipe.

MamaNuru: Begi la pili lina blanketi na unga. Ngoja nimuulize mwenyewe.