Foleni ya maabara kliniki: niongeze mtaalamu wa pili?

MsimamiziUmoja
Habari zenu. Kliniki yetu iko Umoja, Nairobi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana tunaona wagonjwa kama 60. Tuna madaktari wawili na mtaalamu mmoja wa maabara. Benchi la maabara hujaa hadi mlangoni. Niajiri mtaalamu wa pili?

Kamba_Fupi
Ajiri. Nadharia ya vikwazo iko wazi: palipo na foleni ndefu ndipo panapokaba.

MuuguziZamu
Pole, dada. Kwetu ni dirisha la dawa. Mfumo wa bima ukikwama, watu wanasimama hadi jioni. Umeangalia intaneti?

MpimaMuda
Kamba_Fupi, foleni ni dalili nzuri, lakini kwanza uliza waliokaa pale wanasubiri nini. Wengine wameshatolewa damu, wanangoja majibu. Wengine majibu wanayo mkononi, wanangoja kurudi kwa daktari. Hao si foleni ya maabara, wamekaa tu kwenye benchi lake.

Dada, bandika karatasi kwenye kila kadi, na kila chumba kiandike saa ya kuingia na ya kutoka. Siku tatu zinatosha, Jumatatu iwemo. Kisha linganisha kazi na muda uliopo.

MsimamiziUmoja
Karatasi tunazo tayari. Daktari: dakika 8 mara ya kwanza, 5 mgonjwa akirudi na majibu. Wanaopimwa ni 40. Maabara: dakika 6 za kazi kwa kila mmoja.

MpimaMuda
Basi maabara ina kazi ya dakika 240 kati ya 300. Madaktari wana dakika 600 kwa jumla, ila kazi yao ni 480 za mwanzo na 200 za marudio: 680. Wao ndio kikwazo, na marudio ndiyo yaliyokificha. Mtaalamu wa pili angetoa majibu upesi ili yakalale mlangoni kwa daktari.

Kabla ya kuajiri, okoa dakika za daktari. Nani anajaza rejista? Nani anapima presha?

MsimamiziUmoja
Daktari mwenyewe, vyote viwili. Kama dakika 2 kwa kila mgonjwa mpya.

MpimaMuda
Mpe muuguzi wa mapokezi kazi hiyo: 120 zinatoka, zinabaki 560. Nafasi ni finyu, na kwa kuwa wengi hufika saa mbili, asubuhi bado mtabanana. Weka wagonjwa watatu waliokamilika vipimo vya awali mlangoni, daktari asikae bure. Maabara nayo isikusanye majibu kumi ndipo iyatoe. Yakija kwa mkupuo, chumba cha daktari kinafurika.

Kamba_Fupi
Hapo kwa marudio nimekuelewa. Lakini wenye majibu waingie kwanza, wamalize waende.

MuuguziZamu
Wapya watalalamika, na huenda kati yao kuna mtoto mwenye homa kali.

MpimaMuda
Wa dharura apite mbele ya wote. Kwa wengine, jaribuni mmoja mpya, mmoja wa majibu. Sina hakika utaratibu huo unafaa saa za mwanzo, kabla majibu hayajaanza kutoka. Dada, ukipima wiki ijayo utuletee saa za kuingia na kutoka.