Hita inanguruma, na ile fimbo ya ndani imeisha: naombeni ushauri

Wakuu habari, nina hita ya lita 50 ukutani, maji ya kisima Dodoma yana chumvi balaa, mwaka wa 4 sasa na ikiwaka inanguruma kama uji unachemka. Jana nikazima umeme kwenye swichi kubwa, nikafunga maji ya kuingia, nikafungua bomba la moto ipite hewa, nikamwaga maji ya tangi, likaja tope jeupe lenye chengachenga. Kufungua flenji, fimbo ya magnesiamu imebaki waya tu! Fundi anasema nirudishe hivyohivyo, ila si ndio inaliwa badala ya tangi? Maji ya moto bado hayana kutu. Niweke mpya au tangi lishaanza kuliwa? Na kwa maji haya niwe naikagua kila baada ya miezi mingapi?