Sikio limepiga "pwaa" nikiwa mita 5 ndani ya Ziwa Nyasa. Naruhusiwa kuzamia tena baada ya siku 10?

Mtoto wa Uyole
Habari zenu wakuu. Nilijifunza kuzamia kwa mtungi mwaka jana Zanzibar na nikapata cheti. Jumamosi iliyopita tulikwenda Matema watatu kuangalia samaki wa mapambo kwenye miamba chini ya milima ya Livingstone. Nilikuwa na mafua kidogo, unajua baridi ya Mbeya miezi hii, ila nilijiona mzima.

Kufika kama mita 2 sikio la kulia likaanza kuchoma kama sindano. La kushoto lilishafunguka. Wenzangu walikuwa wanazidi kushuka, nikaona aibu kuwachelewesha, nikaendelea. Kwenye mita 5 nikabana pua nikapuliza kwa nguvu zote. Likapiga "pwaa", maumivu yakaisha hapo hapo, nikasikia ubaridi ndani ya sikio na ziwa zima likazunguka. Nilishikilia jiwe kama nusu dakika, kizunguzungu kikatulia, nikapanda polepole.

Sasa nasikia kama nimefunikwa chungu kichwani. Jana asubuhi nilipopenga kamasi ilitoka na damu kidogo, na sikio likapiga mluzi. Tuna safari nyingine baada ya siku 10. Nilikosea wapi, na naweza kwenda?

Mvuvi wa Ikombe
Pole kijana. Mimi nazamia bila mtungi tangu utoto. Kinachotakiwa ni kumeza mate ukiwa umebana pua, masikio yanafunguka yenyewe. Likigoma, shuka haraka upite ile sehemu ya maumivu, huko chini halisumbui tena. Ukifika nyumbani tia mafuta ya nazi ya uvuguvugu.

Mama Ipogolo
Mtoto wa Uyole, usitie mafuta wala dawa yoyote ya matone kabla hujaonwa. Nimefundisha uzamiaji pwani miaka 11 kabla sijarudi Iringa, na ulichoeleza kinaelekea sana kuwa ngoma ya sikio imetoboka. Ule mluzi ni hewa kutoka puani inayopitia kwenye tundu. Kuzunguka kwa nusu dakika kulitokana na maji yenye ubaridi kuliko mwili wako kuingia hadi sikio la kati. Yakishapata joto la mwili, kizunguzungu kinaisha.

Naomba unijibu mambo mawili kwanza. Je, kizunguzungu kimerudi tangu siku ile? Na kuna mlio wa "ngiii" usiokatika, au unasikia hafifu kiasi kwamba simu huwezi kuisikilizia upande huo?

Mtoto wa Uyole
Shikamoo mama. Kizunguzungu hakijarudi. Mlio hakuna. Simu naisikia ila kwa mbali.

Mama Ipogolo
Marahaba mwanangu. Afadhali. Kama ungekuwa na kizunguzungu kisichokwisha, mlio na usikivu kuzima, ningekwambia uache kusoma hapa uende hospitali leo, ukae kichwa kimeinuka na usijikamue hata chooni, maana hapo sikio la ndani ndilo limeumia na usikivu unaweza usirudi. Hata hivyo, tafuta daktari wa masikio, pua na koo wiki hii akumulike. Usipenge kamasi kwa nguvu. Ukioga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando kwa nje, maji yasiingie.

Sasa ulipokosea. Presha inabadilika zaidi pale juu kuliko kokote. Kutoka usoni mwa maji hadi mita 2 inaongezeka karibu asilimia 20. Kutoka mita 20 hadi 22 nyongeza haifiki asilimia 7. Ndiyo maana mzee wa Ikombe anaona huko chini halisumbui. Lakini anayeshuka haraka kupita maumivu hajayapita, ameyalipia kwa ngoma ya sikio. Kumeza mate ukiwa umebana pua ni njia halali kabisa, ila inafaa mapema tu. Ule mrija kati ya sikio na koo una kuta laini. Ukishuka zaidi ya mita 1 hivi bila kusawazisha presha ya sikio na ya maji, presha inaukandamiza ukajifunga, na misuli ya kumeza haina tena nguvu ya kuufungua. Kutoka hapo sikio la kati linafyonza majimaji na damu kutoka kwenye kuta zake ili kujaza nafasi. Damu uliyopenga ilitoka huko.

Na kupuliza kwa nguvu zote juu ya mrija uliofungwa ni hatari kuliko kutoboka kwenyewe. Ukijikamua hivyo, presha ya kifuani inapanda hadi kwenye majimaji ya sikio la ndani, na kile kiwambo chembamba kinachoyazuia kinaweza kupasuka.

Dereva wa Kitonga
Hii ni kweli. Mimi nikishuka Kitonga na gari masikio yanaziba hadi Ruaha Mbuyuni. Napiga miayo yanafunguka. Je, nami ngoma itatoboka?

Mama Ipogolo
Hapana kaka, mteremko wote wa Kitonga hauifikii hata presha ya mita 1 ya maji. Endelea na miayo yako.

Mtoto wa Uyole
Mama, basi nifanyeje nikipona? Mwalimu wangu alinifundisha kupuliza tu.

Mama Ipogolo
Anza kusawazisha ukiwa bado unaelea juu, kabla hujazama. Kisha shuka miguu ikitangulia, umeshika kamba ya nanga, na urudie kila nusu mita hadi upite mita 5 au 6, bila kusubiri kuhisi kitu. Inua kidevu kidogo, shingo ikinyooka mrija unafunguka vizuri. Likigoma, panda mita 1 au hadi mgandamizo uishe kabisa, jaribu tena kwa upole. Likigoma mara ya tatu, toka majini. Mwenzako akikasirika, akasirike.

Njia ninayoipenda haitumii kifua kabisa. Bana pua, funga koo kama mtu anayetaka kunyanyua gunia la viazi, halafu sukuma shina la ulimi juu na nyuma kama unasema "ka" bila sauti. Simama mbele ya kioo: kikoromeo kitapanda na pua itavimba kidogo chini ya vidole. Wengine inawachukua wiki kadhaa kuipata. Usianze mazoezi kabla tundu halijafunga.

Zamia Taratibu
Kwa mafua mimi hupuliza dawa ya pua nusu saa kabla. Miaka mingi sijapata tatizo.

Mama Ipogolo
Mdogo wangu, ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa ya sikioni inashindwa kutoka wakati wa kupanda, na kupanda huwezi kuahirisha kwa sababu mtungi unaisha. Wanafunzi wangu niliwakataza.

Zamia Taratibu
Nakuelewa, ila zipo zinazodumu saa nyingi. Hapo hatutakubaliana.

Mama Ipogolo
Sawa. Mtoto wa Uyole, mlirudi Mbeya saa ngapi baada ya kuzamia?

Mtoto wa Uyole
Jioni ile ile, mama, kupitia Tukuyu.

Mama Ipogolo
Hilo halihusu sikio, lakini msirudie. Kutoka ziwani mnapanda zaidi ya mita 1,500 mkiwa na naitrojeni ya mtungi mwilini, na presha ikipungua inaweza kutoa mapovu kwenye damu. Laleni Matema, mpande kesho yake mchana.

Mtoto wa Uyole
Mrejesho wakuu. Daktari amemulika, ameona tundu dogo sehemu ya chini ya ngoma, hakuna usaha. Amesema nikae mbali na maji, nirudi baada ya wiki 4 aangalie kama limefunga, na kuzamia ni hadi yeye aseme. Safari nimejitoa. Nilimuuliza kwa nini ni la kulia tu linalochelewa kila mara, akasema pengine kuna kitu puani upande huo, atanichunguza mafua yakiisha. Kuna mwenye sikio moja gumu hivi aliyewahi kujua sababu yake?